Ziada Nayo Ipewe Safu

Ndugu zangu mnaopanga safari za malori, nawasihi: ghala zikiwa na mzigo kuliko unaohitajika sokoni, msipunguze tani kwa kukadiria. Ziada ina haki ya safu yake kwenye jedwali!

Tuseme Makambako kuna tani 400 za mahindi na Songea 300, jumla 700. Dar es Salaam inataka 350, Dodoma 250, jumla 600. Tani 100 hazina mnunuzi, na njia ya kukokotoa inadai pande mbili zilingane. Wapo wanaoisukumia Dar tani ambazo haikuagiza. Acheni! Huko ni kulipia nauli ya mahindi yatakayokosa mnunuzi. Ongezeni soko la tatu, kituo hewa, lenye mahitaji ya tani 100 kamili. Nauli ya kwenda huko ni sifuri, maana hakuna lori linalotoka. Tani itakayoangukia safu hiyo imebaki ghalani ilipokuwa.

Sasa kesheni, kwa maana sifuri hushawishi. Nauli kwa tani iwe hivi: Makambako hadi Dar shilingi 70,000, hadi Dodoma 50,000, Songea hadi Dar 100,000, hadi Dodoma 90,000. Anayeanza na gharama ndogo kuliko zote atakimbilia sifuri ya kwanza anayoiona, na kuiachia Makambako ziada yote. Dodoma atailisha kwa tani 250 za Makambako, Dar kwa tani 50 za Makambako na 300 za Songea. Jumla ni milioni 46, na jedwali linalingana kabisa. Msiridhike! Jaribuni chumba kilichoachwa wazi, Songea kwenda kituo hewa. Tani moja ikibaki Songea, Makambako itapeleka tani moja zaidi Dar: mnaokoa 100,000, mnatoa 70,000. Faida ni 30,000 kwa kila tani. Hamisheni zote 100, gharama ishuke hadi milioni 43.

Lakini nani kawaambia mzigo uliolala haugharimu kitu? Ikiwa Songea mtakodi ghala na kunyunyiza dawa ya dumuzi kwa 45,000 kila tani, na Makambako ni 10,000 tu, basi andikeni 45,000 na 10,000 mahali pa zile sifuri. Songea inazidi kwa 35,000, na ile faida ya nauli ilikuwa 30,000. Hukumu inageuka: ziada ibaki Makambako, kwa jumla ya milioni 47 badala ya 47.5. Sifuri ni halali pale tu kulaza mzigo ni bure, au gharama yake inalingana kila ghala.

Na kama mahindi ya Songea hayakukauka vizuri, hayawezi kungoja hata wiki, msiiachie bahati. Wekeni kwenye chumba chake cha kituo hewa gharama kubwa mno, tuseme milioni 10 kwa tani, na hesabu yenyewe itazitoa tani zote 300.