Aliyenitaja Nisipokuwepo

Kabla sijaanza kuandika nilikuwa winga Kariakoo kwa miaka mitatu. Kwa msomaji asiyepajua, winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anapokea oda, anachukua bidhaa kwenye duka la mtu mwingine, anaweka cha juu, anamfikishia mteja. Mimi nilikuwa na mabegi ya shule. Wateja wangu wengi walikuwa mikoani, kwa hiyo mzigo ulipanda basi na mimi nikabaki na wasiwasi mpaka simu ya kuupokea ilie.

Wakati huo nilikuwa na wakubwa wawili. Mmoja alikuwa mzee wa benchi la kahawa, karibu na Mtaa wa Sikukuu. Huyo alinifundisha karibu kila kitu: andika deni siku hiyohiyo, usimpe mteja bei kabla hujajua anataka mabegi mangapi, usikopeshe mtu anayekusifu. Jioni nilimkuta, nikanunua kashata, tukaongea. Alinipenda kama mwanawe. Mwingine alikuwa mama mwenye duka la jumla Narung'ombe, na huyo hakunifundisha chochote. Aliniita "we mtoto" hata baada ya kulijua jina langu. Kwa muda mrefu niliamini mzee ndiye mtu wangu, na mama ni mtu ninayefanya naye biashara tu.

Nilijua nimekosea Novemba moja, msimu wa mabegi ulipokaribia.

Kariakoo kuna kitu kinaitwa mali kauli. Mwenye mzigo anakupa bidhaa bila fedha na bila karatasi ya maana, kwa neno lako tu kwamba siku fulani utaleta. Ndiyo benki ya watu wasio na hati ya nyumba. Nilitaka dazeni kumi za mabegi kutoka godauni la mtu anayeagiza mwenyewe kutoka China. Dazeni moja ilikuwa shilingi 120,000, kwa hiyo mzigo wote ni 1,200,000, na mimi mfukoni sikuwa na hata robo yake. Mwenye godauni hakunijua. Nikaenda kwa mzee wa kahawa, nikamwomba aniongelee. Akanipa ushauri mzuri wa dakika ishirini: nivae vipi, nianze na nini, nisiombe zote kumi kwa mpigo. Nilipouliza kama anaweza kwenda yeye mwenyewe, akaangalia kikombe chake.

Kwa mama sikuomba. Alinisikia tu nikilalamika na kijana wake wa dukani. Kesho yake nikapigiwa simu nikachukue mzigo. Baadaye ndipo kijana akaniambia kilichotokea: mama alimpigia mwenye godauni, akamwambia, "Kuna mtoto anakuja kwako. Mpe. Asipokuletea Ijumaa ya pili, njoo kwangu." Basi. Hakusema mimi ni hodari, wala hakueleza maisha yangu.

Ushauri wote wa mzee ulisemwa mbele yangu. Sentensi za mama zilisemwa nikiwa sipo, na ya mwisho ilikuwa na bei: milioni moja na laki mbili zake. Hapo ndipo ninapotenganisha mshauri na mdhamini. Lugha yetu imetuwekea neno zuri la huyo wa pili, tena tunalitumia mahakamani, pale mtu anaposaini kwamba mshitakiwa akitoroka yeye ndiye atakayebanwa. (Neno "sponsa" naliacha makusudi. Nairobi na hapa mjini limeshakuwa jina la mwanaume mtu mzima anayemlipia msichana kodi, na binti yeyote aliyewahi kupigiwa debe na mkubwa kazini anajua jinsi neno hilo linavyomfuata mgongoni. Kwamba aliyenibeba mimi alikuwa mwanamke iliniokoa na maneno mengi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.)

Nilimkasirikia mzee kwa miezi. Nilidhani amenipenda kwa mdomo tu. Ukweli nilikuja kuupata kwa wapagazi, wanaojua siri zote za Kariakoo: mzee aliwahi kuanguka na mzigo wa watu, na kwenye magodauni neno lake halikuwa likipokewa tena. Hakuwa mchoyo. Hakuwa na jina la kuniazima, na aliona haya kusema hivyo kwa mtoto. Tunapotafuta wa kututetea huwa tunaangalia nani anatupenda, au nani ana mvi. Ilinipasa niulize kitu kingine kabisa: mlango ninaotaka kuingia, ni neno la nani linapokelewa pale, leo?

Na kwa nini mama alinisemea? Nilimuuliza mara moja. Akataja mambo mawili, yote nilikuwa nimeshayasahau. La kwanza, kijana wake aliwahi kukosea hesabu akanifungia mabegi kumi na tano badala ya dazeni, nami nikarudisha matatu. La pili lilinishangaza zaidi. Mteja mmoja wa Mbeya alinikimbia na hela, na mimi nilikuwa na deni la mama la dazeni moja. Nilikwenda kumwambia Jumatano, wakati siku ya kulipa ilikuwa Jumamosi. Nilidhani nimejiharibia. Kumbe kwake hilo lilikuwa na uzito kuliko yale matatu. "Wa kurudisha ni wengi," alisema. "Wa kuniambia kabla sijauliza ni wachache."

Nimelifikiria sana hilo. Anayeweka jina lake mezani anajua biashara inaweza kuharibika. Anachoogopa ni kusikia kwa wengine. Kwa hiyo huwezi kumshawishi kwa kumbebea mkoba au kumwamkia kwa kuinama. Heshima hiyo mpe, ni mkubwa wako, lakini haimwambii lolote kuhusu Ijumaa ya pili. Anahitaji ajionee kitu kidogo, kwa macho yake, ambacho kikiharibika hakimwumizi. Dazeni moja kwanza. Halafu tatu. Wengi tunataka tudhaminiwe kwa kumi na watu ambao hawajatuona hata na moja, wakikataa tunasema wana roho mbaya.

Kuna mdhamini mwingine wa Kariakoo ambaye kila nikipita sokoni namkumbuka. Abdulwahid Sykes, aliyezaliwa 1924 na kufariki 1968, alikuwa msimamizi wa soko hili. Sisemi jengo hili alilolibuni Beda Amuli miaka ya 1970 na ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Ni soko la kabla yake, enzi za Mwingereza. Maisha yake yameandikwa na Mohamed Said katika kitabu kilichotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1998, ambacho kwa Kiswahili tunakijua kama Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes.

Mwalimu Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akaenda kufundisha Pugu. Alikuwa na shahada ambayo Waafrika wachache sana wa Tanganyika walikuwa nayo, lakini Kariakoo na Gerezani alikuwa mgeni. Chama cha TAA kilikuwa na wenyewe, na Abdulwahid alikuwa mmoja wao, mtoto wa mji, baba yake akiwa miongoni mwa waasisi wa chama kilichotangulia TAA. Aprili 1953, kwenye ukumbi wa Arnautoglu, Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na aliyeshindana naye alikuwa Abdulwahid mwenyewe, ambaye akawa makamu wake. Mwaka uliofuata, Julai 7, 1954, TAA ikawa TANU.

Mohamed Said anasimulia jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Anasema kabla ya uchaguzi ule Abdulwahid alisafiri mpaka Nansio, Ukerewe, alikokuwa Hamza Mwapachu, kumuuliza kama huyu mwalimu anafaa kupewa uongozi. Mwapachu alimjua Nyerere toka Makerere. Ramani iangalie: Dar es Salaam mpaka kisiwani ndani ya Ziwa Viktoria, kwa usafiri wa wakati ule, kwenda kuuliza swali moja. Na baada ya hapo, kwa simulizi hiyohiyo, Abdulwahid alimtambulisha Nyerere kwa wazee wa mji, wampokee.

Kwa hiyo Nyerere hakupata udhamini kwa kuuomba, wala kwa shahada peke yake. Alikuwa amemwachia mtu mwingine, miaka ya nyuma, mahali pengine, sifa ambayo Abdulwahid angeweza kwenda kuiuliza. Mama wa Narung'ombe aliona mwenyewe. Msimamizi wa soko alimuuliza aliyeona. Sijui njia ya tatu.

Lakini kitabu kile hakikuandikwa kusifu udhamini. Kimeandikwa kwa uchungu. Lalamiko lake ni kwamba waliombeba Mwalimu, wengi wao Waislamu wa mji huu, hawakuwekwa kwenye historia rasmi ya chama walichokijenga. Wapo wanaopinga uzito anaowapa wazee hao, na ubishi huo haujaisha. Swali lililo chini yake ndilo linalonikosesha raha: aliyedhaminiwa anadaiwa nini, na mpaka lini?

Utii hadaiwi, nadhani. Mdhamini anayetaka utii alikuwa ananunua mtu, na akikutetea hata unapokosea anawadhulumu wale waliokaa foleni bila mtu wa kuwataja. Hilo ni doa la udhamini wote, hata ulio safi. Siku ile ya Novemba huenda kulikuwa na winga mwaminifu kuliko mimi ambaye mama hakubahatika kumwona. Sina la kumjibu. Ila kumtaja aliyekutaja, hilo naona ni deni, na halihitaji mtaji. Mimi nilipofungua kibanda changu nilisimulia kwa mwaka mzima kwamba nimeanza kutoka sifuri. Mama alilisikia. Hakuninunia, aliniambia tu, "Sifuri ya milioni na laki mbili."

Sasa zamu imenifikia. Kuna kijana anayeandika hadithi fupi, ameniomba nimsemee kwa mhariri ninayefahamiana naye. Nimeshampa ushauri mara tatu: punguza sura ya kwanza, soma kwa sauti, subira. Umenigharimu kikombe cha chai kila mara. Wiki iliyopita nilijikuta naangalia kikombe kama mzee wangu, na tofauti ni kwamba mimi jina la kuazima ninalo. Naogopa tu kulipoteza.

Jumanne nakutana na mhariri. Nimemwambia kijana anitumie hadithi mbili alizomaliza, zenye tarehe aliyoahidi na tarehe aliyowasilisha, pamoja na namba ya mtu yeyote aliyewahi kumdai kazi. Hadithi zimefika jana usiku. Moja ilichelewa siku nne, na ameandika mwenyewe, juu kabisa ya ukurasa, kwamba ilichelewa.