Kozi Tatu za Ziada

Mwanangu, mteja wako si mwizi. Nianzie hapo, maana nakuona umenuna tangu jana jioni. Mlikubaliana ukuta wa uzio wa mita 40, tofali za inchi 6, kozi 9, plasta pande zote mbili. Vifaa vyake, ufundi wako. Mmefika kozi ya 7, jirani yake kaibiwa, na sasa anataka kozi 3 zaidi. "Fundi, si unamalizia hapo hapo juu?" Hofu imemwingia, na mwenye hofu hapigi hesabu.

Nanyi mafundi nimewazoea. Mnaitikia "hamna shida, bosi", mnajenga kimyakimya, halafu siku ya malipo ndiyo mnataja ziada. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ukuta ukishasimama, mwenye nyumba anauona ni wake tayari, na wewe huna tena cha kuzuia.

Sokoni muuza nyanya humwongezea mteja nyanya moja, wakacheka wote wawili. Akiombwa nyongeza ya fungu zima, hutaja bei bila kukunja uso. Kusogeza nafasi ya geti kidogo kabla hujaijenga ni nyanya moja; mpe. Kozi 3 ni fungu.

Hesabu yake hii hapa. Kozi moja ya mita 40 inakula tofali kama 87, kwa hiyo kozi 3 ni 261. Kama mlipatana shilingi 600 kwa kila tofali unalojenga, hiyo ni 156,600. Plasta ya pande mbili inaongezeka mita za mraba kama 58. Kwa 4,000 kila mita, ni 232,000. Tena huko juu hufiki bila jukwaa, na kulikodi tuseme ni 60,000. Jumla 448,600. Kozi 9 za mwanzo, kujenga na plasta, zilikuwa 1,157,800. Kumbe hicho anachokiona ni kumalizia ni karibu asilimia 39 ya kazi ya ukuta mzima mliopatana. Yeye hajui hivyo. Wewe ulipaswa kujua.

Na pesa si jambo zito kuliko yote. Kozi 9 zilikuwa mita 2.15 hivi, 12 zitakuwa 2.87. Urefu umepanda kwa theluthi, lakini nguvu ya upepo ya kuupindua ukuta pale chini inapanda kwa karibu asilimia 78, kwa kuwa eneo linalosukumwa limekua na upepo nao unausukuma kutokea juu zaidi. Msingi mliuchimba kwa kozi 9, nguzo mkazipanga kwa kozi 9. Ukiongeza bila kumwita mtu wa mahesabu ya ujenzi, utakuja kuona ufa wa kulala karibu na shina la ukuta, na watakaokuwa wanapita nyuma yake siku ya dhoruba hawakutia saini popote.

Basi leo, kabla ya kuchanganya mota, mwandikie. Ujumbe wa simu unatosha, mradi unabaki. Usimlaumu, usijieleze sana:

"Bosi, habari za leo. Tulikubaliana kozi 9. Umeomba ziwe 12. Ufundi unaongezeka shilingi 448,600, na muda siku 5. Tofali, saruji na mchanga wa ziada ni juu yako kama awali. Kwanza mhandisi aangalie msingi na nguzo, na ada yake ni yako. Akitaka nguzo ziongezwe, nitakupa bei yake kabla ya kuzigusa. Kozi ya 8 na ya 9 naendelea nazo. Ya 10 sianzi mpaka unijibu kwa maandishi na kutuma nusu ya ziada. Ukipenda, tubaki na kozi 9 tuweke seng'enge juu. Nitakuletea bei yake."

Ona kilichomo: tulichopatana, ulichoomba, bei, siku, sharti, na njia nyingine. Hiyo ya mwisho usiiache. Mteja aliyepewa bei peke yake hujiona kabanwa ukutani. Aliyepewa la kuchagua hutulia. Anachotaka hasa ni mwizi asipande, na pengine seng'enge itamtosha.

Atakupigia simu badala ya kuandika. Wengi ndivyo walivyo. Ongea naye vizuri, mcheke pamoja, kisha mtumie mliyoyasema na umwombe ajibu "nimekubali". Mali bila daftari hupotea bila habari.

Akikataa? Malizia kozi zako 9, piga plasta iliyonyooka, chukua hela yako yote. Na akirudi baada ya mwezi kuuliza zile 3, bei itakuwa imepanda, kwa sababu plasta ya juu itabidi ibomolewe. Liandike na hilo kwenye ujumbe, asije akasema hukumwambia.