Ahadi, Muhali na Sura za Nyongeza: Maadili ya Barua Pepe ya Mfasiri Anayeomba Muda

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii aghalabu hutumiwa kumbana aliyeahidi, na si nadra kuisikia ikielekezwa kwa mfasiri ambaye siku yake ya kuwasilisha kazi imekaribia. Hata hivyo, kila deni lina kiasi chake, na kabla ya mtu kudaiwa ni sharti ijulikane alikopa nini. Makala haya yanachunguza hali ambamo kiasi hicho hubadilishwa na mdai mwenyewe: mfasiri amekwisha kufika katikati ya kazi, mteja anamletea sura ambazo hazikuwamo katika mapatano, na siku ya kuwasilisha haiguswi. Mfasiri hana budi kuandika barua pepe. Swali linaloulizwa hapa halihusu mbinu za kumshawishi mteja. Ni swali la kimaadili: barua hiyo inawajibika kusema nini, na ni nini ambacho haina haki ya kukisema?

Ichukuliwe hali ifuatayo kuwa mfano. Mchapishaji mmoja amempa mfasiri mwongozo wa afya ya mama na mtoto autafsiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Kitabu kina sura 10 na jumla ya maneno 45,000, yakihesabiwa katika matini chanzi. (Msingi huo wa kuhesabu ni muhimu kutajwa, kwani tafsiri ya Kiswahili aghalabu huwa na maneno machache kuliko matini ya Kiingereza, kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, njeo na mtendwa kwa pamoja.) Mfasiri hukamilisha rasimu ya maneno 1,500 kwa siku. Kwa hiyo amepanga siku 30 za rasimu, siku 10 za kuhariri na siku 5 za akiba. Jumla siku 45 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 14 Julai hadi Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Jioni ya Ijumaa tarehe 8 Agosti, siku ya 20, mchapishaji anatuma sura 3 mpya zenye maneno 13,500. Ujumbe wake ni mfupi: mwandishi ameziongeza, nazo zitalipwa kwa kiwango kile kile. Kuhusu muda hakuna neno.

Kimya hicho ndicho chanzo cha utata. Mteja huenda akadhani kwamba, kwa kuahidi malipo, amemaliza wajibu wake. Lakini fedha hulipia kazi, hazizai siku. Hesabu yenyewe inadhihirisha jambo hili. Sura mpya zinahitaji siku 9 za rasimu na siku 3 za kuhariri. Kisha kuna kazi ambayo mteja hawezi kuiona. Katika sura za awali, mfasiri ametumia neno kinga kwa maana mbili: uwezo wa mwili kupambana na maradhi, na hatua ambazo mtu huchukua ili kuyaepuka maradhi hayo. Kiswahili cha kila siku hakioni tatizo hapo. Lakini mojawapo ya sura mpya inahusu chanjo, na humo dhana hizo mbili zinakutana katika sentensi moja. Mfasiri analazimika kuliacha neno kinga kwa dhana ya kwanza, kutumia uzuiaji kwa dhana ya pili, na kuzirudia sura zote alizokwisha kuzitafsiri ili istilahi zilingane. Hilo linahitaji siku 2. Nyongeza nzima, basi, ni siku 14.

Je, ahadi ya tarehe 12 Septemba bado inamfunga? Ahadi ya muda haikutolewa peke yake. Ilifungamanishwa na kazi yenye ukubwa maalumu. Abadilishaye ukubwa wa kazi amebadilisha sharti ambalo tarehe iliegemea. Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya ilirithi misingi yake ya mikataba, imelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Katika kesi ya Holme dhidi ya Guppy ya mwaka 1838, maseremala waliokuwa na kazi katika ujenzi wa kiwanda cha pombe hawakutozwa fidia ya kuchelewa, kwa kuwa sehemu ya ucheleweshaji ilisababishwa na upande wa mwenye jengo. Mtu hawezi kumzuia mwenzake kutimiza ahadi, kisha akamdai kwa kutoitimiza. Lakini kanuni hiyo haimpi mfasiri uhuru usio na mipaka. Tarehe ya zamani ikianguka, huja mahali pake muda wa kadiri, na kadiri hiyo ni lazima itajwe na ithibitishwe. Mapendekezo ya UNESCO kuhusu hifadhi ya wafasiri, yaliyopitishwa Nairobi mwezi wa Novemba 1976, yanaelekea huko huko: yanataka mfasiri apewe muda wa kutosha kuifanya kazi yake, na mkataba uzingatie malipo ya ziada pindi kazi inapovuka mipaka iliyokubaliwa.

Ikiwa haki i wazi kiasi hiki, kwa nini wafasiri wengi hunyamaza? Jibu lipatikane katika dhana ambayo Kiswahili kina neno lake: muhali. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumkatalia, si kwa kuwa ana haki, bali kwa kuwa uhusiano unamfunga ulimi asemaye. Mfasiri anayemwonea mteja muhali hujibu, "Nimezipokea, ahsante," akitumaini kwamba mambo yatajirekebisha. Muhali ni sehemu ya uungwana wa jamii na haufai kubezwa. Hapa, hata hivyo, unazaa uongo. Jibu la aina hiyo linasomwa na mteja kama kukubali sura na tarehe kwa pamoja, naye ataagiza karatasi na kupanga siku ya uchapaji kwa kulitegemea. Ukweli ukija kusemwa mwezi mmoja baadaye, aliyestahiwa ndiye atakayeumia. Stahi ya kweli hudai kwamba hesabu itolewe mapema, wakati mteja angali na nafasi ya kuchagua.

Kosa la pili ni kinyume cha kimya, nalo hujificha ndani ya lugha ya adabu. Mfasiri huandika, "Samahani sana kwa usumbufu, naomba unihurumie kwa siku chache." Kwa juu juu huu ni unyenyekevu. Ukichunguzwa kama matini, ni ushahidi usio wa kweli: anayeomba radhi amekiri kosa, na anayeomba huruma amekana kuwa na haki. Aidha, "siku chache" si kiasi. Barua yenye adabu na ukweli kwa pamoja ingeweza kuandikwa hivi, Jumanne tarehe 12 Agosti, baada ya mfasiri kuzisoma sura zote tatu:

"Bi. Mhariri,

Mint: Sura za nyongeza na tarehe ya kuwasilisha

Salaam. Nimezipokea na kuzisoma sura 3 mpya (maneno 13,500). Tarehe ya 12 Septemba ilikubaliwa kwa sura 10. Sura mpya zinahitaji siku 9 za rasimu, 3 za kuhariri, na 2 za kusawazisha istilahi katika sura za awali. Jumla siku 14 za kazi. Napendekeza mojawapo ya njia hizi: (a) kitabu kizima tarehe 2 Oktoba; (b) sura 10 za awali tarehe 16 Septemba, na 3 mpya tarehe 2 Oktoba; (c) sura 10 tarehe 12 Septemba kama tulivyopatana, na sura mpya zingojee toleo la pili. Tafadhali nijulishe uamuzi wako kufikia Ijumaa. Kwa sasa naendelea na sura za awali.

Wako mwaminifu."

Barua hii haiombi radhi wala hailaumu. Inatenganisha kilichoahidiwa na kilichoongezwa, kisha inamrudishia mteja uamuzi ulio wake. Hata tarehe 16 Septemba katika njia ya pili ina maana: siku 2 za kusawazisha istilahi haziwezi kukwepwa ikiwa sura zote zitakaa katika kitabu kimoja.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Ichukuliwe kwamba siku ya 20 mfasiri alipaswa kuwa amemaliza maneno 30,000, ilhali amemaliza 25,500. Amechelewa siku 3, na sura mpya hazihusiki hata kidogo. Kishawishi ni kikubwa: aandike siku 17 badala ya 14, na mteja hatajua, kwani adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapo ndipo maadili ya barua hii hupimwa. Kuziingiza siku hizo 3 katika hesabu ya nyongeza ni kumtwisha mteja deni lisilo lake, na ni kuichafua hoja ambayo ilikuwa safi. Je, basi analazimika kuungama? Inaelekea halazimiki, maadamu siku 3 hizo zinatoshea katika siku 5 za akiba alizojiwekea. Jinsi anavyoitumia akiba ni shauri lake, na tarehe anayoiahidi ingali ya kweli. Lau angekuwa amechelewa siku 8, akiba isingetosha, na hapo kunyamaza kungegeuka kuwa udanganyifu. Angewajibika kuandika mistari miwili: siku 14 kwa ajili ya nyongeza, na siku 3 kwa ajili yake mwenyewe. Za kwanza ni haki. Za pili ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa.

Yamkini msomaji atauliza: si bora mfasiri ajikaze, aimalize kazi yote tarehe 12 Septemba, na kuepuka majadiliano? Baada ya siku ya 20 zimebaki siku 25. Zikitolewa siku 13 za kuhariri na 2 za istilahi, hubaki 10 za kutafsiri maneno 33,000; yaani maneno 3,300 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwendo wake, na akiba yote imekwisha. Katika hali halisi, kinachotolewa mhanga huwa ni uhariri. Katika uhariri ndimo hugunduliwa kwamba "si zaidi ya" imeandikwa "si chini ya" katika kipimo cha dawa ya mtoto. Mfasiri anaweza kumzawadia mteja usingizi wake, mradi aitaje zawadi hiyo kuwa zawadi ili kesho isidaiwe kama desturi. Hawezi kuzawadia usalama wa mama atakayekisoma kitabu, kwa kuwa usalama huo si mali yake.

Ndiyo maana mapatano haya, yanayoonekana kuwa ya watu wawili, kwa hakika yana mhusika wa tatu ambaye hapelekewi nakala ya barua. Mteja na mfasiri wakipunguza siku kwa kuoneana muhali, ni msomaji anayelipa tofauti. Deni la mfasiri kwa mteja hupimwa kwa siku. Deni lake kwa msomaji hupimwa kwa usahihi wa kila sentensi, wala hakuna nyongeza ya sura inayoweza kulipunguza.