Hofu ya Asubuhi Imetengenezwa Usiku

Wiki hii nimeudhika, na kilichoniudhi ni ushauri uliotolewa kwa nia njema kabisa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa Dodoma kwa baba yake mdogo, anasubiri usaili wa kazi Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni chakula kilimshinda. Alikuwa akisoma karatasi zake, anazifunga, anazifungua tena. Baba mdogo akamhurumia: "Mwanangu, kwa hali hiyo hutalala. Piga mbili tatu, woga ushuke, kesho utaamka mtu mpya."

Akanywa bia nne za nusu lita, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano. Usingizi ulimchukua mara moja. Saa tisa usiku akashtuka, shuka limelowa jasho, moyo unakwenda mbio, na maswali yote anayoweza kuulizwa yamejipanga kichwani. Hakulala tena. Saa tatu asubuhi, alipopewa kalamu asaini fomu ya mahudhurio, mkono ulitetemeka hata saini ikatoka kama ya mtu mwingine. Mchana akanipigia. "Shikamoo shangazi," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Nimejijua leo. Mimi ni mwoga. Jana nilikuwa na hofu ya kawaida, leo imekuja mara mbili."

Kauli hiyo ndiyo haijanitoka moyoni. Kijana amebeba lawama ambayo si yake. Hofu ya usaili ilikuwa yake, sawa, kila mtu anayo. Ile ya pili iliyojazia juu ilitoka kwenye chupa.

Ubongo una kemikali za kutuliza, kuu ikiwa ile iitwayo gaba, na una za kuchangamsha, kuu ikiwa glutameti. Mtu akiwa mzima, pande hizi mbili huvutana kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa. Pombe huja ikaongeza nguvu upande wa kutuliza na kuudhoofisha upande wa kuchangamsha. Ndiyo maana mabega hulegea na ulimi hufunguka. Lakini ubongo haukubali kuvutwa hivyo. Ndani ya saa chache hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza uchangamfu, ili kamba irudi katikati. Halafu ini linamaliza kuiondoa pombe. Upande uliokuwa ukisaidiwa unabaki peke yake, umedhoofika, na upande wa pili bado unavuta kwa nguvu zote. Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka na hisia kwamba kuna jambo baya linakuja ni matokeo ya mwili uliobaki umechangamshwa kupita kiasi. Homoni za taharuki, kama adrenalini, nazo hupanda wakati huo huo.

Tuipige hesabu ya kijana wetu. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi, kwa hiyo nne ni gramu 80. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 8 kwa saa, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu, na wala kahawa au kuoga maji baridi hakuliharakishi. Alipoweka chupa ya mwisho saa tano usiku, alikuwa amekwisha kuondoa gramu 24 hivi. Saa tisa usiku zilibaki nyingine 24, na kamba ilikwisha kuanza kuvutika upande wa pili. Pombe huleta usingizi haraka, lakini nusu ya pili ya usiku huukatakata, na ndiyo maana watu wengi hushtuka saa hizo hizo. Pombe ilimalizika mwilini karibu na saa kumi na mbili alfajiri. Saa tatu, alipoitwa jina lake, hakuwa na pombe hata kidogo. Alikuwa na kishindo chake tu, juu ya usiku usio na usingizi.

Najua mtu wa kunibishia yupo. Atasema: "Lakini pombe inatuliza, mimi mwenyewe nimeona." Sikatai. Inatuliza, na hapo ndipo mtego ulipo. Dawa isiyofanya kazi ungeitupa siku ya kwanza. Hii inafanya kazi kwa saa mbili tatu, halafu gharama inakuja wakati umelala, kwa hiyo faida unaihusisha na pombe na hasara unaihusisha na nafsi yako. Atasema tena kwamba bia moja na chakula haimsumbui. Inawezekana kabisa. Kiasi kidogo kina kishindo kidogo, wala si kila mnywaji huamka na hofu. Ila anayekunywa ili aondoe hofu haishii kwenye moja, kwa sababu anakunywa mpaka hofu iishe.

Na wenye hofu ndio huumia zaidi. Watafiti wa Uingereza, kutoka Chuo Kikuu cha Exeter na kile cha University College London, waliwafuatilia wanywaji wa kawaida karibu 100, wengine wenye haya sana, wengine wenye haya kidogo. Wenye haya walipokunywa, wasiwasi ulipungua kidogo tu usiku ule. Kesho yake ulipanda kwa kiasi kikubwa. Yaani yule anayeitafuta nafuu kwa bidii zaidi ndiye anayeipata kidogo na kuilipia sana.

Kinachofuata tunakijua mitaani: kuzimua. Asubuhi mikono inatetemeka, mtu anaongeza moja, anatulia, na anaamini amepona. Ameupa ubongo sababu nyingine ya kuvuta upande wa pili. Akiendelea hivyo kila siku kwa miezi, kutetemeka kwa asubuhi kunakuwa ugonjwa. Mtu wa namna hiyo asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa hatari kunaweza kufuata siku ya pili au ya tatu. Aende hospitali aeleze ukweli, kwa maana dawa za kumvusha zipo.

Kwa wengine, njia ya kujua hofu yako inatoka wapi ni rahisi. Angalia saa inapokuja. Kama inakuja asubuhi baada ya kunywa na kuisha kadiri siku inavyokwenda, unajua imetoka wapi. Kama huna hakika, kaa bila pombe wiki tatu nne. Wasiwasi ulioletwa na pombe hupungua sana katika muda huo. Uliobaki baada ya hapo ni wako kweli, na una matibabu yake ya mazungumzo na ya dawa. Dawa hizo usizichanganye na bia, hasa zile za kutuliza kama daizepamu, kwa sababu zikikutana na pombe zinaweza kuzuia pumzi.

Kijana nimemwambia aende kwenye usaili ujao akiwa ameshiba, amelala alivyojaaliwa, na hofu yake moja tu. Hofu moja inabebeka. Na ninyi baba wadogo, mama wakubwa na marafiki wenye huruma, nawasihi: mkimwona mtu anatetemeka usiku wa kuamkia siku kubwa, kaeni naye, mwandalieni chai na chakula, mwacheni aseme kinachomtisha. Msimpe chupa. Mnaiondoa hofu ya usiku, na mnamkabidhi kubwa zaidi asubuhi, saa ile ile anayoitwa jina.