Saa Tisa za Getini, Saa Sita na Nusu za Cherehani

Meneja wa karakana moja ya ushonaji jijini Dar es Salaam alipata oda ya mashati 4,290 ya sare za shule. Alikuwa na mafundi 12. Akashika saa, akamsimamia fundi wa kasi ya kawaida, akaona shati moja linakula dakika 30 za cherehani. Mafundi huingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 jioni: saa tisa, yaani dakika 540. Akagawa kwa 30, akapata mashati 18 kwa kila fundi, 216 kwa karakana nzima. Oda ingekwisha ndani ya siku 20. Akasaini mkataba kwa hesabu hiyo, kisha akabandika karatasi ukutani: LENGO 18.

Wiki ya kwanza hakuna aliyefika 18. Wengi waliishia 13. Meneja akasema ni uvivu. Akafuta chai ya saa nne, akapunguza muda wa chakula cha mchana hadi nusu saa, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Idadi ikapanda hadi 15, lakini kwenye daftari tu. Kwenye meza ya ukaguzi yalirundikana mashati yenye kola zilizopinda na mishono isiyofungwa mwishoni. Kufumua kola na kuirudia huchukua muda mrefu kuliko kuishona vizuri mara ya kwanza. Ili kuziba pengo akaweka ovataimu, ambayo kisheria hulipwa mara moja na nusu, na faida ya oda ikaanza kuliwa.

Fundi mmoja wa siku nyingi ndiye aliyemwambia: "Bosi, mkono wangu hausimami. Vitambaa ndivyo havijakatwa. Sasa nishone nini?"

Meneja akaamua kupima. Kwa siku tano alipita karakanani mara kumi kila siku, saa zisizotabirika, akiandika kila fundi aliyepaswa kuwa kazini anashona au anasubiri, na anasubiri nini. Njia hii si ngeni: L. H. C. Tippett aliitumia katika viwanda vya nguo vya Uingereza miaka ya 1930. Siri yake ni kutotabirika, kwa maana ukipita saa ileile kila siku utakuta kila mtu ameinamia cherehani.

Wiki hiyo kila siku alikosekana fundi mmoja: huyu anaumwa, yule ana msiba. Kwa mafundi 11 alipata alama 550, na 62 kati yake zilikuwa za kusubiri, takriban asilimia 11.

Hapo akarudia hesabu. Kutoka dakika 540 akatoa 60 za chakula, 15 za chai, kumi za kikao cha asubuhi, na 15 za kutia mafuta, kupanga nyuzi na kusafisha cherehani. Zikabaki 440. Asilimia 11 ya hizo ni karibu dakika 50 za kusubiri. Zikabaki 390, yaani saa sita na nusu, na hizo hutoa mashati 13. Idadi ileile ambayo mafundi walikuwa wakiifikia tangu mwanzo! Kwa mafundi 11 ni mashati 143 kwa siku, na oda ya 4,290 inahitaji siku 30, si 20.

Katika hesabu hii kuna mtego mmoja. Meneja alipima ushonaji mtupu, ndiyo maana alikuwa na haki ya kutoa dakika za kusubiri. Kama zile dakika 30 zingekuwa tayari na nyongeza ya kusubiri, angeutoa muda uleule mara mbili, na lengo lingekuwa la chini kuliko uwezo.

Dakika za chakula na chai ni za mfanyakazi, haziguswi. Za kusubiri ni za meneja, naye ndiye wa kuzipunguza. Daftari lilionyesha kuwa 30 kati ya zile 50 zilipotea kwa kusubiri vipande kutoka kwa mkataji. Meneja akaagiza vya kesho vikatwe leo mchana. Muda wa kushona ukafika dakika 420, mashati 14 kwa fundi, bila mtu kuongezewa kasi. Kwa mwendo huo oda nzima ingehitaji siku 28.

Hilo halikuiokoa tarehe iliyokwisha kuandikwa kwenye mkataba. Kabla ya kumwahidi mteja, hesabu dakika ambazo sindano inashona, zidisha kwa mafundi wanaofika kweli, si walioandikwa kwenye orodha ya mishahara. Na fundi asipofikia lengo, uliza kwanza alikuwa akisubiri nini.