Nyumba ya Baba: Itengenezwe, Iuzwe, au Ikae?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, lipo neno moja ambalo twalisikia karibu katika kila nyumba ya pwani yetu baada ya kwisha matanga, nalo ni hili: "Nyumba ya baba haiuzwi." Neno hili husemwa kwa machozi, na mwenye kulipinga huonekana kuwa hana haya. Nasi hatusemi kuwa ni neno baya. Lakini twauliza: ni nani alisemaye? Mara nyingi hulisema yule akaaye ndani ya nyumba, au yule akusanyaye kodi. Wale wasiokaa na wasiokusanya hunyamaza, na kunyamaza kwao huhesabiwa kuwa ni ridhaa.

Yapasa ijulikane kwanza kwamba nyumba hiyo si ya baba tena. Tangu ile saa aliyokata roho, imekwisha kuwa ya warithi wake, kila mtu kwa fungu lake, na lililotangulia mafungu hayo ni gharama ya maziko, na madeni, pamoja na mahari ya mke ikiwa hayajalipwa, na wasia usiozidi thuluthi. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa yatwambia kuwa wanawake wana fungu kama wanaume walivyo na fungu, mali ikiwa chache au nyingi. Aya ya 11 na ya 12 zimeyataja mafungu yenyewe. Basi kuitengeneza, kuiuza, au kuiacha, yote matatu ni halali. Lisilo halali ni kuyafanya hayo kabla ya mafungu kujulikana.

Tuchukue mfano. Mtu amekufa akaacha nyumba ya ghorofa moja katika Mji wa Kale wa Mombasa. Chini kuna duka lililokodishwa kwa shilingi 16,000 kwa mwezi. Juu anakaa mwanawe mkubwa pamoja na mama yao. Mwana wa pili yuko Maskati kwa kazi. Mabinti ni watatu, wote wameolewa. Mke apata thumuni, na saba zilizobaki huwaendea watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Kwa bahati hesabu hii yaenda vizuri sana: nyumba ina mafungu manane, mama ana moja, kila binti ana moja, na kila mwana ana mawili. Wathamini wawili wakisema kuwa nyumba ina thamani ya shilingi 8,000,000, basi fungu moja ni 1,000,000.

Nimesema wathamini wawili kwa makusudi. Dalali anayetarajia ujira wake katika mauzo hafai kuwa ndiye mthamini peke yake. Na kabla ya kuthamini, hati zitolewe sandukuni zisomwe. Pwani hii ziko nyumba nyingi ambazo jengo ni la mtu huyu na ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Aliyerithi jengo hakurithi kiwanja, na bei yake si bei ya nyumba yenye kiwanja chake. Ziko pia nyumba ambazo babu alikwisha kuziweka wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Watu wamegombana miaka kumi juu ya nyumba ambayo haikuwa yao hata siku moja.

Sasa turudi kwa ndugu zetu. Miaka mitatu imepita, mirathi haijagawanywa. Mkubwa amekusanya kodi ya duka miezi 36, jumla 576,000. Haki yake humo ni robo, yaani 144,000. Zilizobaki, 432,000, ni mali ya wenziwe iliyo mkononi mwake. Naye akiulizwa hujibu: "Mimi nimetia 320,000 kuezeka paa. Nani katika nyinyi aliyeleta hata mfuko wa chokaa?"

Jawabu hili lina uzito machoni pa watu, lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu hapa twaifuata, mshirika hawezi kumlazimisha mwenziwe kuijenga mali ya shirika, na akitumia fedha zake bila ya idhini ya wenziwe huhesabiwa kuwa amejitolea, hana haki ya kudai. Kwa upande wa pili, mwenye kutumia mali ya shirika yote peke yake bila ya idhini hudaiwa ujira wa mfano kwa mafungu ya wenziwe. Kwa hivyo kaka huyu, kwa sharia tupu, ana deni la duka, na la kule juu anakokaa, wala hana dai la paa.

Lakini sharia tupu siyo njia pekee iliyo wazi. Ndugu waweza kuridhia. Wakikubali kwamba paa lilikuwa lavuja na kazi ilikuwa ya lazima, basi gharama hubebwa kwa mafungu: yeye 80,000 na wenziwe 240,000. Zikitolewa hizo katika 432,000 zitabaki 192,000, kila binti apate 32,000, mama 32,000, na ndugu aliye Maskati 64,000. Kodi ya kule juu wakimsamehe kwa kuwa amemtunza mama yao, ni wema wao. Tofauti ni kubwa kati ya kusamehe kitu unachokijua kiasi chake na kunyang'anywa kitu usichoambiwa.

Baada ya hesabu ya zamani kufungwa, ndipo yaweza kuulizwa: itengenezwe? Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina maradhi yake. Mtu achome kisu katika ncha ya boriti pale iingiapo ukutani. Kisu kikizama kama katika muhogo uliooza, dari hilo halina umri mrefu hata kama kwa chini limepakwa rangi mpya. Agonge ukuta kwa vifundo vya vidole asikie kama plasta imeachana na jiwe, na atazame kama chumvi nyeupe yatokeza. Mara nyingi sababu ni saruji. Fundi wa siku hizi huikandika juu ya ukuta wa chokaa ili upendeze, na ukuta ukashindwa kutoa unyevu wake, maji yakabaki ndani yakazila boriti. Watu hulipa fedha kuiua nyumba wakidhani waiponya. Na katika Mji wa Kale hakuna ruhusa ya kubomoa mlango au kubadili uso wa nyumba bila ya kupita katika ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa.

Tuseme fundi wa chokaa amehesabu boriti, sakafu na kuta kuwa 1,600,000. Kila fungu litoe 200,000. Je, kuna faida? Ghorofa ya juu kwa hali yake ya sasa haipati kodi zaidi ya 10,000, na ikitengenezwa yaweza kupata 24,000. Nyongeza ni 14,000 kwa mwezi, au 168,000 kwa mwaka, na fedha zilizotiwa hazitarudi kabla ya miaka tisa na nusu. Wengi hukosea hapa, huhesabu kodi yote kana kwamba nyumba ilikuwa haina kodi kabla. Anayesema tuitengeneze ili tupate faida, hana hoja kubwa. Anayesema tuitengeneze ili dari lisimwangukie mama, huyo asikizwe, na lililo la hatari lianzwe.

Na binti asiyekuwa na 200,000? Fungu lake halipungui kwa kuwa ni maskini. Ndugu yake akimtolea kama deni, atadaiwa 200,000 hizo hizo bila ya nyongeza, na zaweza kukatwa katika kodi yake kidogo kidogo. Au amuuzie khumsi ya fungu lake kwa bei iliyothaminiwa, akijua kuwa sasa amebakiwa na 800,000. Lisilofaa ni lile litendwalo kila siku, kwamba mwenye fedha hujenga, kisha baada ya miaka husema, "Nyumba hii nimeijenga mimi."

Kuiacha ikae, je? Yafaa, ikiwa kodi yaandikwa na kugawanywa kila mwezi. Lakini tazameni mauti yanavyofanya. Binti mmoja akifa leo akaacha mume, wana watatu na binti mmoja, na mama yake yungali hai, fungu lake moja lagawanyika kumi na mbili: mume tatu, mama mbili, kila mwana mbili, binti moja. Nyumba iliyokuwa na mafungu manane sasa ina 96, na wenyewe waliokuwa sita wamekuwa kumi, mmoja wao mtoto yatima mwenye fungu moja katika 96, asiyeweza kutoa ridhaa ya kuuza wala ya kujenga. Kila mwaka upitao hufanya uamuzi uwe mgumu zaidi.

Kwa maoni yangu, katika mfano huu, mkubwa anayeipenda nyumba anunue mafungu ya dada zake watatu, 3,000,000. Hana fedha taslimu, basi alipe 50,000 kwa mwezi kwa miezi 60, bei iwe imekatwa siku ya kwanza isiongezeke kwa kuchelewa, na ndugu wa Maskati awe mdhamini wake. Kutoka siku hiyo ana mafungu matano katika manane, na katika kodi ya duka haki yake ni 10,000, kwa hivyo 40,000 zitatoka katika kazi yake. Ikiwa kazi yake haiwezi kuzitoa, na aseme hivyo sasa, nyumba iuzwe kwa mtu wa nje, na mama apatiwe makao kabla ya mnunuzi kukabidhiwa ufunguo. Mama ana fungu lake kama wao, si mgeni anayehamishwa.

Wakikataana kabisa, iko Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha katika kifungu cha 170. Hata wakipatana na waende huko, kwa maana bila ya uthibitisho wa warithi na mafungu yao hati itabaki kwa jina la marehemu, na mwenye jina hilo hawezi kutia sahihi. Mapatano yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya mabinti wenyewe, wala si mbele ya waume zao tu, na kila mmoja apewe nakala yake aende nayo kwake.

Wallahu aalam.