Herufi Isiyosomeka: Je, Mfasiri Ana Haki ya Kujaza Pengo?

Mfasiri akikutana na alama isiyosomeka, na akawa na sababu nzuri ya kukisia ilikuwa nini, je, ana haki ya kuiandika kana kwamba ameisoma? Katika hadithi jambo hili halitusumbui sana. Neno moja likifutika, sentensi inayolizunguka hutusaidia kulirudisha, na tukikosea kidogo hakuna anayeumia. Nilikuwa na msimamo huo mpaka nilipoletewa picha ya mchoro wa kiufundi niufasiri.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa bushi, yaani ile pete nene inayoshika shafti ili izunguke bila kulika. Ilitakiwa kwa mashine ya kukamua mawese huko Rumonge, Burundi. Mchoro ulikuwa wa Kifaransa, na fundi mkerezaji aliyepewa kazi yuko Kigoma, anasoma Kiswahili. Mwenye mashine aliupiga picha kwa simu ukiwa umebandikwa ukutani, akiwa amesimama pembeni, hivyo upande wa kulia ulififia. Bahati mbaya, kona ya chini kulia ndiko kilipo kisanduku cha utambulisho: jina la kipande, malighafi, skeli, toleransi na herufi ya toleo.

Sehemu kubwa ya kazi haikuwa na utata wa kimaadili, ila ilidai uangalifu. Palikuwa na agizo ambalo kwa Kifaransa linatumia kitenzi cha kuvunja. Ukilifasiri neno kwa neno, fundi ataambiwa avunje pembe kali za bushi. Maana yake ni kuondoa makali ya kingo kidogo kwa tupa, ili zisikate mkono wala zisikwame wakati wa kuingiza. Palikuwa pia na kipimo cha 0,1. Wafaransa huweka mkato pale ambapo fundi wa Kigoma huweka nukta, kwa hiyo niliandika 0.1. Hapo nilibadili alama ili maana isibadilike.

Malighafi ilinichelewesha zaidi. Mchoro ulisema CuSn12. Nikiandika “shaba” peke yake, fundi anaweza kufikiria shaba nyekundu ya nyaya za umeme au ile ya manjano ya mabomba, kwa kuwa neno letu linabeba zote. Hiyo CuSn12 ni bronzi, shaba iliyochanganywa na stani takriban asilimia 12, na hiyo ndiyo inayostahimili kusuguana na shafti. Nikaacha msimbo kama ulivyo, kisha nikaongeza “bronzi” kando yake. Hata neno toleransi lina mtego. Kamusi hukupeleka kwenye uvumilivu, lakini hapa hakuna anayevumilia kitu. Ni kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, na ndivyo nilivyokieleza.

Kisha nikafika kwenye kipenyo cha nje cha bushi. Niliona 50, halafu herufi ndogo yenye mkia, halafu 6. Mkia ulikuwa dhahiri. Kichwa cha herufi kilikuwa doa. Ingeweza kuwa p6 au g6.

Kwa asiyefahamu mfumo huu, tofauti inaonekana ndogo mno. Kwa kipenyo cha 50, p6 inadai bushi izidi 50 kwa kati ya milimita 0.026 na 0.042. g6 inadai ipungue chini ya 50 kwa kati ya 0.009 na 0.025. Tundu la kuipokea, ambalo mchoro uliliandika H7, ni kati ya 50 kamili na 50.025. Hivyo bushi ya p6 ni nene kuliko tundu lake, nayo huingizwa kwa kushindiliwa na kubaki imekaza. Ya g6 huingia kwa mkono na kutoka kwa mkono. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha.

Mwanafunzi mwenzangu, ambaye kaka yake ni fundi, aliniambia niandike p6 nimalize. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Bushi nyingi hushindiliwa, na kazi ya mfasiri ni kufikisha maana, wala si kumbebesha msomaji mashaka yake. Aliongeza kwamba hata katika mazungumzo tunajaza maneno tusiyoyasikia vizuri, na hatumwiti mtu mwongo kwa hilo.

Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kitundu kidogo kilichochorwa ubavuni mwa bushi. Kinaweza kuwa cha kupitishia mafuta, na hapo p6 inafaa. Kinaweza pia kuwa cha skrubu ya kuizuia isizunguke, na bushi inayozuiwa kwa skrubu mara nyingi huachwa iwe legevu ili ibadilishwe kwa urahisi. Muktadha, ambao katika hadithi ungenisaidia, hapa ulikubaliana na herufi zote mbili. Michoro huandikwa kipimo waziwazi kwa sababu hii hasa, kwamba umbo peke yake halikisemi.

Kwa maoni yangu, mwenzangu alikosea alipodhani mashaka yalikuwa yangu. Mashaka yalikuwa sehemu ya picha. Mtu yeyote wa Kifaransa ambaye angeipokea picha ileile angeona doa, angesita, na angeuliza. Nikiandika p6 safi, fundi wa Kigoma atakuwa msomaji pekee aliyenyimwa nafasi ya kusita. Nitakuwa nimeamua kwa niaba yake jambo ambalo yeye analijua kuliko mimi, na bila kumwambia kwamba kuna uamuzi uliofanyika. Kwa hiyo hata kisio langu likiwa sahihi, tendo lenyewe ni udanganyifu.

Niliandika: “50, herufi haisomeki, p au g, kisha 6. Usikereze kipenyo hiki kabla ya kuthibitisha.” Vivyo hivyo kwa toleo: kisanduku kilisema A, lakini orodha ya marekebisho juu yake ilikuwa na mstari wa B unaosema kipenyo cha nje kilikuwa 48. Sikuvipatanisha. Niliviandika vyote viwili na kueleza kwamba vinapingana.

Fundi alinipigia simu. Sikusikia hasira niliyoitarajia. “Mwanangu, mwambie huyo bwana apige tena, asimame mbele ya karatasi, si ubavuni,” alisema. “Na anitumie na kile chuma chenye tundu.” Picha ya pili ilikuja siku iliyofuata, ikionyesha p6, na mwenye mashine akathibitisha kwamba 50 ndiyo sahihi. Mwenzangu alicheka sana. Siku tatu zilipotea, na mawese hayasubiri. Gharama hiyo siwezi kuikana.

Chuma kilipofika kwa boti, fundi alipima tundu akakuta limelika hadi 50.06. Bushi ya p6, hata ikiwa nene kiasi cha mwisho kinachoruhusiwa, ingecheza humo. Kwa kuwa alijua mchoro unataka ikaze, aliona kuna tatizo. Angekuwa ameandikiwa g6, ulegevu ule angeuona wa kawaida. Akanipigia tena kuuliza afuate mchoro au afuate tundu. Nikaliandika swali lake kwa Kifaransa jinsi alivyoliuliza, nikalipeleka Rumonge.